Vumbi la Bibi na bakteria wenu

Ile sauti imerudi tena kwenye grupu la ukoo. Mnaijua. Mzungumzaji anaanza taratibu, kisha anapanda: wanasayansi wameduwaa, udhu unaondoa bakteria puani, unachangamsha mishipa, mara tano kwa siku, kumbe sisi tulitangulia hospitali. Mjomba kaweka vikono vya dua. Shangazi kaandika Mashallah tatu. Mimi nikauliza, "Na tayamamu je?" Tangu hapo nimenuniwa.

Sikuuliza kwa ubishi. Haya, ubishi kidogo ulikuwepo. Lakini nilikuwa namkumbuka Bibi.

Bibi aliungua miguu yote miwili kwa sufuria ya maji ya moto, akalazwa, miguu ikafungwa bendeji, daktari akasema maji yasizisogelee. Kila ikikaribia sala namletea kopo na beseni. Anaosha uso, anaosha mikono hadi viwikoni, anapaka maji kichwani. Ikifika zamu ya miguu anajipangusa kwa kanga, ananionyesha kwa kidevu bakuli la udongo mkavu lililokuwa chini ya kitanda. Anapiga viganja mara moja, anapaka uso. Anapiga tena, anapaka mikono. Nesi mmoja alisimama akamtazama mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Bibi, si umenawa uso sasa hivi? Mbona unajipaka vumbi tena?"

"Hili la miguu, mwanangu."

Nesi akaitazama miguu, akautazama uso, akaenda zake. Sasa niambieni, wenye sauti: bakteria gani wa mguuni anayekufa kwa kupaka vumbi usoni? Na Bibi hakukosea hata kidogo. Ndivyo wafuasi wa Shafi tulivyosomeshwa chuoni: kiungo kisichoweza kuoshwa kinatayamamiwa kwa uso na mikono, hata kama uso na mikono hiyo imetoka majini sasa hivi.

Wala si tayamamu peke yake. Upepo ukikutoka udhu umetanguka, na unakwenda kuosha kila mahali ila pale ulipotokea. Sayidna Ali amepokewa akisema kwamba lau dini ingekuwa kwa rai, chini ya khufu, zile soksi za ngozi, pangestahiki kupakwa maji kuliko juu. Chini ndiko kwenye tope, lakini mtu anapaka juu. Yeye aliliona hilo mapema, wala hakutafuta mwanasayansi wa kumduwaza.

Shida yetu ni kwamba tumechanganya vitu vitatu: uchafu, najisi na hadathi. Tope la mvua limekujaa hadi magotini, wewe mchafu, lakini si najisi na udhu wako upo. Tone la mkojo limekauka kwenye shuka, halionekani wala halinuki, shuka ina najisi. Na hadathi haimo kwenye ngozi kabisa. Ni hali inayokuzuia kusali mpaka utawadhe au uoge, darubini haiioni. Abu Huraira alikuwa na janaba, akakutana na Mtume njiani, akachepuka kwenda kuoga kwanza. Aliporudi na kuulizwa, akaambiwa Muumini hanajisiki. Mtume hakukana kwamba josho ni wajibu. Alichokataa ni ile fikra ya kwamba mtu mwenyewe amekuwa uchafu wa kukimbiwa.

Mayahudi nao wana mjadala huu huu. Mwanamke anayekwenda kuzama kwenye mikve, lile birika lao la maji ya mvua au ya chemchemi, analazimika kuoga kwanza. Anachana nywele, anasafisha kucha, anavua pete, kisiwepo kitu kati ya mwili na maji. (Kina dada wa rangi ya kucha na udhu, hamko peke yenu.) Kwa hiyo anaingia majini akiwa ameshatakata tayari. Maji yanaosha nini basi? Musa bin Maimuni, aliyefariki Misri mwaka 1204, alijibu katika kitabu chake cha sheria: unajisi huu si tope wala taka ya kuondolewa na maji, ni amri ya Maandiko, na jambo linategemea kusudio la moyo. Kisha akaongeza ishara, kwamba vivyo hivyo anayeazimia kuitoa nafsi yake kwenye fikra mbovu na kuizamisha kwenye maji ya elimu, ametakasika. Na huyu bwana alikuwa tabibu! Mtu aliyeishi kwa kutibu watu ndiye aliyekataa kusema kwamba kuzama ni dawa.

Wakristo wana maneno ya Yesu katika Marko 7, kwamba kinachomnajisi mtu ni kile kinachomtoka, na wengi wao wakaziacha zile kanuni za nje. Hiyo ni njia yao. Yetu haikwenda huko, na hapo ndipo mwanachuoni wetu Imamu Ghazali anapoingia.

Ghazali aliipanga tohara daraja nne: kutakasa mwili na hadathi na najisi, kutakasa viungo na maasi, kutakasa moyo na tabia mbovu, na kuitakasa siri ya ndani na kila kisichokuwa Mwenyezi Mungu. Hiyo ya nne ni ya manabii na wakweli, tuwaachie. Kilichomkasirisha ni watu wa zama zake waliokwama kwenye ya kwanza, wakipamba nje kama mpambaji anavyompamba bibi harusi, huku ndani kumejaa kibri na riya. Akawakumbusha kwamba wa mwanzo walitembea miguu mitupu topeni, wakasali juu ya ardhi tupu, na kwamba Umar alitawadha kwa maji ya mtungi wa mwanamke wa Kikristo.

Mtungi huo nimeufikiria sana juzi, maana msikitini kwetu yupo mzee mmoja wa wasiwasi. Anaosha mkono, anarudia, anarudia tena, bomba wazi, foleni ya watu nyuma yake. Kijana anayedeki akapita, tone moja la ndoo likamrukia mzee kwenye kanzu. Matusi yaliyomtoka pale sitayaandika. Kisha akageukia bomba, akaanza udhu upya. Kwa ajili ya tone, si kwa ajili ya matusi.

Nakubali, shingo upande, kwamba maji yanasafisha, na kwamba anayeosha mikono mara tano ana nafuu kuliko asiyeosha. Vilevile najua mtakachoniambia nyinyi wa upande wa pili: basi mimi moyo wangu msafi, hayo ya nje ya nini? Ndugu yangu, moyo wako umeupima kwa nini? Moyo hauna bomba. Ghazali mwenyewe hakuiondoa daraja ya kwanza. Aliikalia kurasa kwa kurasa, namna ya kustanji, namna ya kushika mswaki.

Maelezo ya bakteria yana hasara nyingine, na hii inaniuma. Ukishasema hukumu ya hedhi ni habari ya uchafu, umemfanya binti yako mchafu siku saba kila mwezi. Nimeona nyumba ambamo msichana haruhusiwi kugusa mtungi wala kuingia jikoni, na mama anasema ni dini. Bibi Aisha aliombwa amletee Mtume mkeka, akasema yumo hedhini. Akajibiwa, hedhi yako haimo mkononi mwako.

Bibi aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya Jumatano. Nilikuwa nafunga mizigo, nikataka kulimwaga lile bakuli dirishani. Akanizuia. Akataka liende kumwagwa palepale chini ya mwembe nilikochota, kisha akaniuliza kama nesi yule yuko zamu, amuage.