Lengelenge la kisigino: litumbuliwe au liachwe?

"Viatu vipya vimenitoa lengelenge kisigino na kesho lazima nitembee. Nilitumbue?"

Wanaosema liachwe wana hoja nzito. Ngozi iliyoinuka inafunika kidonda kibichi, na bila tundu vijidudu hupata shida kupenya. Lengelenge dogo lisilouma hunyonywa na mwili wenyewe, ngozi mpya ikaota chini yake. Hilo funika tu kwa plasta.

Lakini la ukubwa wa shilingi, limejaa likakaza, na mwenyewe hana namna ya kupumzika? Litapasuka tu, tena ndani ya soksi yenye jasho, na ngozi ibanduke yote. Hapo nakubaliana na wanaotumbua, kwa sharti moja: toa maji, ngozi ibaki. Wanaoharibu ni wale wanaoibandua "ipate hewa". Kidonda kikiwa wazi huwaka kila hatua na huchelewa kupona.

Osha mikono na kisigino kwa sabuni. Pangusa sindano na lengelenge kwa spiriti. Toboa pembeni, upande wa chini, matundu mawili matatu, kisha bonyeza taratibu kwa kitambaa safi mpaka ngozi ilale. Paka vaselini kidogo, funika kwa plasta isiyogandia lengelenge lenyewe, badilisha kila siku au ikilowa. Likijaa tena, rudia vilevile. Wapo wanaopitisha uzi na kuuacha ndani ili maji yaendelee kutoka. Uzi huo huo huingiza uchafu. Dawa ya meno na majivu navyo viache.

Mwenye kisukari au ganzi miguuni asijitumbue. Aende zahanati, maana huenda asisikie maumivu kidonda kikiharibika. Lenye damu nalo liache. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu ndipo ujue vijidudu vimeingia: pima joto kwa mgongo wa mkono, tazama uvimbe unaotanuka, usaha au mtoki kinenani. Ukiona hayo, au homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kuhusu kinga, watu hulaumu kiatu kinachobana, ila kinachopwaya nacho hutoa lengelenge. Ngozi iliyolowa jasho hung'ang'ania soksi huku mfupa ukisogea ndani kila hatua, na tabaka za ngozi huachana katikati. Kwa hiyo kaza kamba ili kisigino kisipande na kushuka, na badilisha soksi ikilowa. Kiatu kipya kivae kwanza nyumbani, saa moja moja. Kabla ya safari ndefu, bandika plasta laini ya karatasi mahali panaposuguliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa wakimbiaji wa masafa marefu uliona inapunguza malengelenge kwa takriban asilimia 40. Ukiwa njiani na kisigino kikaanza kuchoma, vua kiatu hapo hapo ubandike. Baada ya kilomita nyingine mbili huenda ngozi ikawa imeshainuka.