Barua ya kupinga makato: daftari la theta lina nguvu kuliko barua ya daktari

"Kaka, bima wametukata 1,600,000 kwenye bili ya mgonjwa wa kulazwa. Sababu walizoandika ni maneno mawili matatu tu kila mstari. Barua ya kupinga niidai yote, au nichague?"

Chagua. Na kabla ya kuchagua, kaa upande wa pili wa meza. Yule daktari wa mapitio kule bima hakumwona mgonjwa wako. Aliona fomu ya madai, ankara, na labda muhtasari wa ukurasa mmoja wa kumruhusu mgonjwa. Kwa karatasi hizo, huenda hata wewe ungekata.

Nichukue bili inayofanana na yako, ambayo ilipita mikononi mwangu katika hospitali moja binafsi hapa Tanzania. Mwanamume wa miaka 54 aliletwa usiku wa Jumamosi akiwa na maumivu makali ya tumbo. Alipigwa skani, na alfajiri ya Jumapili akapasuliwa kidole tumbo. Alilala usiku tisa, akaruhusiwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Bili ilikuwa shilingi 4,350,000, bima wakalipa 2,750,000. Walikata mistari minne: kitanda cha siku tano, 450,000, chupa zote 15 za antibiotiki ya meropenemu, 630,000, skani ya tumbo, 350,000, na vifaa vya upasuaji, 170,000.

Mhasibu wetu alikuja na barua aliyoiandika kwa hasira. Ilidai 1,600,000 yote na kuukumbusha mfuko wa bima kwamba hospitali inaokoa maisha. Nikamwomba tulilete kwanza faili kutoka kumbukumbu.

Kwenye fomu ya madai karani aliandika msimbo K35.8, ambao katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ni kidole tumbo kilichovimba bila maelezo zaidi. Mgonjwa wa namna hiyo kumpa siku nne si uonevu, na wengine hutoka mapema zaidi. Lakini daftari la theta, yaani chumba cha upasuaji, la alfajiri ile, kwa mwandiko wa daktari mpasuaji, lilisema kidole tumbo kimepasuka na usaha umesambaa tumbo zima. Huo ni K35.2. Ni ugonjwa mwingine kabisa kwa hesabu ya siku, dawa na hatari. Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa letu, na tuliliandika hivyohivyo kwenye barua bila kulifunika.

Hapa ndipo pande mbili zinapovutana kweli. Hospitali inasema mgonjwa alikuwa mahututi, kila mtu wodini anajua, msimbo ni suala la ukarani. Bima nao wana hofu yenye msingi: hospitali ikikatwa halafu ikarudi na msimbo mzito zaidi, mtu mwenye akili timamu atauliza kama ugonjwa umeongezeka baada ya makato. Wapo wanaofanya hivyo, tusidanganyane. Ndiyo maana barua ya daktari iliyoandikwa wiki tatu baadaye, hata iwe na mihuri miwili, haina uzito mkubwa. Kinachobeba barua ya kupinga ni karatasi iliyoandikwa kabla hakujawa na ugomvi: daftari la theta lenye tarehe na saa, majibu ya maabara, chati ya dawa, maelezo ya wauguzi ya kila zamu. Hizo ziliandikwa na watu ambao hawakujua kama kuna mstari utakatwa.

Tukaenda kwenye meropenemu. Bima waliandika "haihitajiki kitabibu" na kuishia hapo. Mimi nawaelewa nusu. Hii ni dawa ghali, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la antibiotiki zinazotakiwa kuangaliwa matumizi yake, kwa sababu ya usugu. (Seftriaksoni, tunayoichoma kama maji, nayo imo kundi hilohilo, lakini hilo tuliache.) Mfuko unaolipa meropenemu bila kuuliza haujitendei haki wala hauwatendei haki wagonjwa wa kesho. Nusu nyingine siwaelewi. "Haihitajiki" kwa kigezo kipi? Mwongozo upi, ukurasa upi, na aliyeamua ni mtu wa fani gani? Sababu ya maneno mawili inaihamishia hospitali kazi yote ya kubahatisha kilichopingwa. Barua yetu iliomba kigezo hicho kitajwe kwa maandishi, na naamini ombi hilo liwemo kwenye kila barua ya aina hii, hata pale unapojua utashinda.

Faili lilijibu vizuri. Jumapili mgonjwa alianzishiwa seftriaksoni na metronidazoli. Usaha uliochukuliwa theta ulipelekwa maabara kuoteshwa. Jumanne homa ilikuwa bado juu. Jumatano majibu yakatoka: bakteria ya E. koli, sugu kwa seftriaksoni, inayosikia meropenemu. Siku hiyo hiyo saa nane mchana chupa ya kwanza ikachomwa, kisha moja kila baada ya saa nane, mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Ukihesabu ni dozi 15, sawasawa na ankara.

Ila chati ya dawa ina vijisanduku, na kila muuguzi akichoma hutia saini ndani ya kisanduku. Nikahesabu saini kwa kalamu: 13. Visanduku viwili vya alfajiri ya Ijumaa na alfajiri ya Jumamosi vilikuwa vyeupe. Mhasibu akasema dada wa zamu alichoma, alisahau tu kusaini, tumwite asaini sasa. Hapana. Saini inayotiwa leo kwenye chati ya mwezi uliopita ni kughushi, na ikigundulika, zile 13 safi nazo zinachafuka. Tulidai 13 kwa 42,000, yaani 546,000, tukaziacha mbili zenye thamani ya 84,000.

Vifaa vya 170,000 tuliachia bila kujadili. Mkataba unasema bei ya upasuaji ni ya jumla, glovu na nyuzi zikiwemo, nasi tulikuwa tumezitoza tena pembeni. Watu wa hesabu huona uchungu kuachia mstari kwa hiari. Lakini mpitiaji akiona umekubali kosa lako mahali palipo wazi, anausoma mstari unaofuata kwa jicho jingine. Ukidai vyote, anaanza kutafuta uongo wako.

Skani ndiyo iliyotusumbua. Mkataba ulitaka kibali kabla, na kwa dharura taarifa ipelekwe ndani ya saa 24. Skani ilifanyika Jumapili saa nane usiku. Barua pepe yetu ilitoka Jumatatu saa nne asubuhi, yaani saa 32 baadaye, kwa sababu ofisi ya madai haifanyi kazi Jumapili. Kimkataba tumeshindwa. Kwa upande mwingine, bima wamelipa upasuaji wenyewe, na upasuaji huo uliamuliwa kwa picha ya skani hiyo. Kuna jambo la ajabu katika kukubali matokeo ya kipimo na kukikataa kipimo. Je, muda wa taarifa umewekwa ili kuzuia vipimo visivyo na maana, au ili kupata sababu ya kukata? Mimi nasema la kwanza, na kwa hiyo ucheleweshaji wa saa nane kwenye dharura iliyothibitika usingepaswa kufuta malipo yote. Lakini mkataba tuliutia saini wenyewe. Tukaiweka skani mwisho wa barua, kama ombi, si kama dai.

Barua yenyewe ilijaa ukurasa mmoja na nusu. Ilianza na namba ya dai, tarehe ya taarifa ya malipo na hesabu, kisha sentensi ambayo wengi huisahau: "Tumepokea shilingi 2,750,000 kama sehemu ya malipo, kupokea huku si kukubali makato." Ikafuata hii: "Fomu yetu ya madai ilibeba msimbo K35.8 kimakosa. Maelezo ya theta ya siku ya upasuaji, kiambatisho A, yanaonyesha K35.2. Tunaomba siku za kulazwa na matumizi ya meropenemu vipitiwe upya kwa msingi huo." Kila mstari uliopingwa ulipewa aya yake, kiasi chake na kiambatisho chake. Tulichokiachia kilitajwa pia kwa kiasi: 254,000. Mwisho tukaomba jibu kwa maandishi ndani ya muda wa mkataba. Viambatisho vilikuwa karatasi nne. Hatukutuma faili zima, kwa kuwa ndani yake mna mengi ya mgonjwa yasiyohusiana na mgogoro huu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haituruhusu kuyamwaga ovyo.

Kuna njia ya mkato ambayo baadhi ya hospitali huipenda: kumpigia mgonjwa simu aje alipe kilichokatwa. Mkataba wetu ulikataza, na hata usingekataza ningepinga. Mgonjwa hakuandika msimbo wala hakuchelewesha barua pepe.

Tusichanganye pia ugomvi huu na ule wa bei. Machi 2024 hospitali binafsi zilipositisha huduma kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, mzozo ulikuwa kitita kipya cha mafao na viwango vyake. Hilo husemwa na vyama kwenye meza ya mazungumzo, na halitatuliki kwa barua ya bili moja. Ukiingiza malalamiko ya bei kwenye barua ya makato, kama mhasibu wetu alivyokuwa amefanya katika aya nzima, unampa mpitiaji kitu rahisi cha kujibu na anaruka kile kigumu.

Jibu lilikuja. Meropenemu, chupa 13 zote zililipwa. Skani ilikataliwa, kwa kunukuu kifungu cha saa 24. Siku za kitanda walikubali nne kati ya tano. Jumla wakaongeza 906,000.

Ile siku ya tano ilikuwa Jumapili ya mwisho. Wauguzi walikuwa wameandika joto na mapigo, na dozi tatu zimesainiwa, lakini ukurasa wa daktari wa siku hiyo haukuwa na neno hata moja. Mpitiaji aliuliza: kama hakuna daktari aliyemwona, nani aliamua aendelee kulala? Mhasibu alitaka tuandike barua ya pili, kwamba dawa ya mshipa kila saa nane haiwezekani mtu akiwa nyumbani. Hoja ni ya kweli, na 90,000 ni hela. Nikaufungua tena ukurasa ule mweupe, nikalirudisha faili kumbukumbu.