Kitambaa cha kichwani na neno "kumilikiwa"

Jumapili iliyopita nilipangiwa kusoma somo katika ibada ya asubuhi, kwenye kanisa ambalo sitalitaja. Nilipokuwa ninakaribia mimbari, mzee mmoja wa kanisa alinisogelea, akanipa kitambaa cheupe na kuniambia nijifunike. Kujifunika hakunisumbui, bibi yangu alijifunika kanisani maisha yake yote, na mimi mwenyewe hubeba khanga kwenye mkoba. Kilichoniumiza ni sababu aliyonipa ibada ilipokwisha, nilipomwendea kwa heshima kumwuliza. Alisema, "Mwanangu, imeandikwa kwamba mwanamke lazima awe na dalili ya kumilikiwa kichwani."

Hakudanganya, kwa maana ndivyo inavyosomeka Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 katika 1 Wakorintho 11:10. Wengi wetu tumekua na mstari huo, tukaukariri, na wengine tukaukubali kama ulivyo. Lakini maneno "dalili" na "kumilikiwa" hayamo katika Kigiriki alichoandika Paulo. Kilichopo ni kwamba mwanamke anapaswa "kuwa na eksousia juu ya kichwa", na eksousia ni mamlaka, uwezo au haki ya kutenda jambo. Wafasiri walichukua neno linalomtaja mwenye mamlaka, wakaliweka mahali pa mtu anayetawaliwa. Kama aya hiyo ingefasiriwa neno kwa neno, mwanamke ndiye angekuwa mwenye mamlaka, wala si mali ya mtu.

Waraka huohuo unatoa kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia jioni hii kwa Biblia aliyonayo nyumbani. Fungua sura ya 9, mahali Paulo anapotetea haki za mitume, ya kwamba wana haki ya kula na kunywa na ya kulishwa na kanisa. Neno alilotumia pale ni eksousia, na Biblia yetu inalitafsiri kuwa "uwezo". Katika 8:9, Wakorintho wanapoonywa wasiutumie vibaya uhuru wao wa kula, eksousia yao pia inaitwa "uwezo". Mitume wakiwa na eksousia, wana uwezo. Waumini wakiwa nayo, wana uwezo. Mwanamke akiwa nayo, amemilikiwa. Ninaomba wazee wetu wa kanisa wakae na jambo hili na kulitafakari, kwa kuwa ni mwandishi mmoja, waraka mmoja na neno moja.

Ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mzee wangu ana mahali pa kusimama. Sura yenyewe inaanza kwa kusema kwamba kichwa cha mwanamke ni mwanamume, na wafafanuzi wengi wa zamani na wa sasa wanaamini kwamba Paulo alikusudia kitambaa kiwe alama ya mamlaka ya mume. Huenda alikusudia hivyo. Lakini hayo ni maelezo ya mfafanuzi, na maelezo yangepaswa kukaa pembeni ya ukurasa, si ndani ya mstari ambako msomaji hawezi tena kuona kwamba palikuwa na uchaguzi.

Tena mstari wa 5 unasema kitambaa hicho kinavaliwa lini: mwanamke "asalipo, au anapohutubu". Paulo anachukulia kwamba mwanamke anasema kwa sauti mbele ya kusanyiko, na anachoelekeza ni namna ya kuwa anaposema. Mwanamume naye ana agizo lake katika mstari wa 4, la kutofunika kichwa anaposali. Kwa hiyo mwenye kitambaa katika sura hii ni mwanamke aliye kazini mbele za Mungu, na anayemshika mwanamke huyo mkono amkumbushe kwamba anamilikiwa amemwacha Paulo nyuma.

Wapo wanaotaka kulimaliza suala lote kwa mstari wa 15, wakisema nywele ndefu zimetolewa badala ya vazi, basi zinatosha. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu mstari wa 6 unasema asiyejifunika na akatwe nywele. Kama nywele ndizo kifuniko, amri hiyo ingekuwa inamwambia asiye na nywele akazikate. Kuhusu "kwa ajili ya malaika", maneno yanayoufunga mstari wa 10, mwandishi Mkristo Tertuliano wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, aliwafikiria malaika wa Mwanzo 6 waliowatamani binti za wanadamu, na wengine wanaona ni malaika wanaohudhuria ibada. Mimi niko upande wa hao wa pili.

Jioni ya siku hiyo nilimsimulia jirani yangu wa Magomeni, mwalimu wa madrasa, ambaye ni mjane kwa miaka mingi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Dada, mimi ningevaa shungi kwa kumilikiwa, ningelivua siku tuliyomzika mume wangu." Akanisomea Surat An-Nur, aya ya 31, inayowaamuru waumini wanawake waangushe shungi zao juu ya vifua vyao, na akanitaka nisiipite aya ya 30, ambamo wanaume ndio wanaoanza kuamriwa wainamishe macho. Kwake sababu ya kwanza ni utii kwa Mwenyezi Mungu, na ya pili ni ile ya Al-Ahzab 59, kwamba waumini wanawake wajulikane wasiudhiwe. Kaka yake alipoingia sebuleni hakulitafuta shungi, kwa kuwa ni maharimu wake. Lakini wakati wa swala ulipofika alijifunika, ijapokuwa chumbani alikuwa peke yake.

Nilipokuwa ninamsikiliza niliona jinsi tunavyokosea tunaposema kwamba dini zote tatu zinawafunika wanawake "kwa ajili ya stara", kana kwamba sababu ni moja. Kwa Waislamu swali kubwa ni nani aliyepo. Kwa Paulo ni tendo gani linafanyika. Kwa Wayahudi washika sheria ni ndoa: msichana huacha nywele wazi, na akiolewa huzifunika. Marabi waliipata hukumu hiyo katika Hesabu 5:18, ambapo kuhani anazifungua nywele za mke anayeshukiwa uzinzi, wakahitimisha kwamba kwa kawaida zilikuwa zimefungwa. Ndiyo maana wengi wao huvaa hata wigi, jambo linalowashangaza wengi wetu, kwa kuwa wigi linaweza kupendeza kuliko nywele zenyewe. Linatosha kwao kwa sababu kinachotakiwa ni nywele zake mwenyewe zisionekane, ingawa wapo marabi wasioliruhusu.

Wakatoliki nao walikuwa na agizo la wanawake kujifunika kichwa kanisani katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 1262, na sheria mpya ya mwaka 1983 haikulirudisha.

Bibi yangu hakuwahi kusikia Kigiriki, na Biblia aliyoisoma ilikuwa hiyohiyo ya Muungano. Hata hivyo, alijitanda khanga yake alipofika mlangoni mwa kanisa na kuishusha mabegani alipotoka, babu akiwa kando yake muda wote. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini anaishusha, akanijibu kwamba ameshamaliza kusali.

Mwezi ujao nimepangiwa tena kusoma. Nitajifunika, na nimemwomba yule mzee tukae tuzisome pamoja sura ya 9 na ya 11 kabla ya siku hiyo. Amekubali tukutane Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya.