Mita mbili za mchicha na bei ya ndoo ya maji

"Maji yenyewe tunanunua kwa ndoo. Nikimwagilia mchicha ambao fungu lake sokoni ni shilingi 500, nitakuwa nimepata nini?"

Hotuba ya bustani ya nyumbani, inayotolewa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, katika vijiji vikavu vya Dodoma hukwama hapahapa. Mhudumu wa afya ametoka kusema mboga za majani zinaongeza damu, kila kaya ichimbe kitalu, kisha mama mmoja anataja ndoo na watu wanacheka. Wengi huhesabu kwamba hotuba imeshindwa. Mimi naona imejibiwa kwa hesabu ambayo hotuba yenyewe haikuimaliza.

Tuchukue kitalu cha mita 1 kwa 2. Kiangazi, mchicha hapo utataka lita 12 hivi kwa siku, yaani ndoo 17 za lita 20 kwa wiki nne. Mavuno ya kawaida kwa muda huo ni kilo 2, mafungu 8 ya robo kilo. Ndoo ikiwa shilingi 100, umetumia 1,700 kwa mboga za 4,000. Ikifika 250, faida imekwisha, na mama yule ana haki yake yote. Ila hiyo ni hesabu ya maji yaliyonunuliwa kwa ajili ya mchicha peke yake. Kaya ya watu watano haikosi lita 12 za maji ya kunawia na ya suuza ya mwisho ya vyombo na nguo. Hayo yameshalipiwa. Yanayobaguliwa ni yale mazito ya sabuni au mafuta, na yenye dawa ya kung'arishia nguo. Yamwagwe chini kwenye udongo, yasiguse majani, na udongo ukianza kuota ukoko mweupe, upewe maji safi siku mbili tatu.

Umbo la kitalu nalo lina makosa yake. Tuta la kunyanyua, au gunia linalopendwa kwenye maonyesho, hukauka haraka upepo wa Septemba ukianza. Nchi kavu inataka kitalu kilichozama: chimba, changanya udongo na ndoo mbili za samadi iliyooza, urudishe uso wake ukiwa sentimita 15 chini ya njia, kisha utandaze nyasi kavu miche ikishasimama. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Lakini kosa linaloua bustani nyingi ni kupanda zote siku moja. Wiki ya nne mboga ni nyingi hadi zinagawiwa majirani, wiki ya sita zimetoa maua na kukomaa, wiki ya nane pale ni uwanja wa kuku. Gawa kitalu vipande vitano vya sentimita 40, panda kimoja kila wiki. Mbegu ni za kubana kwa vidole viwili, zichanganywe na kiganja cha mchanga ili zisirundikane, zifunikwe kidogo sana. Zikirundikana na kumwagiliwa jioni kupita kiasi, kinyausi kinaingia: utakuta asubuhi miche imelala, shingo imenyong'onyea usawa wa udongo. Mchicha unaotoa maua ungali mfupi mara nyingi umekosa maji.

Kwa mpango huo unang'oa gramu 60 hivi kila siku, konzi moja. Familia haishibi kwa konzi. Hapo ndipo hotuba inapoeleweka vibaya, na wenye hotuba wamechangia kwa kuahidi mboga ya kaya nzima. Konzi hiyo ni ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye mboga ikinunuliwa mara mbili kwa wiki, naye anakula mara mbili kwa wiki. Ikichemshwa dakika tano kwa maji kidogo yasiyomwagwa, ikapondwa na kijiko cha mafuta au karanga zilizotwangwa, inampa kama robo ya vitamini A ya siku. Bila mafuta, mwili hauifyonzi vizuri.

Robo si yote, kwa hiyo matone ya vitamini A ya Juni na Desemba yabaki palepale. Na ile "inaongeza damu" ningeipunguza: chuma cha mchicha hufyonzwa kidogo, kwa sababu majani yenyewe yana vitu vinavyokizuia. Mjamzito asiache vidonge vya kliniki kwa ajili ya kitalu.

Ipo pia kaya ambayo maji yake hubebwa kilomita kadhaa, yakatumika hadi tone la mwisho likaenda kwa mbuzi. Huyo asichimbe kitalu kiangazi. Avune majani ya kunde masika yakiwa machanga, ayachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili, ayaanike kivulini, kwa kuwa jua kali linaharibu vitamini A, na ayahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, gizani. Wagogo wamekausha mboga vizazi na vizazi, na mhudumu akianzia hapo, sidhani kama kuna atakayecheka.