Andika jina la kitabu ulichokishika

Hapa Tabora, wanafunzi wanaoandika kuhusu Kwihara na tembe alilokaa Livingstone hawakosi kumnukuu Livingstone mwenyewe. Mabanoni wanaandika "Livingstone, 1874", ilhali maneno yale wameyatoa katika kitabu cha mwandishi wa baadaye kilichopo maktaba. Napinga jambo hilo, na sababu yangu ni safari ya maneno yenyewe.

Mwaka 1871, karatasi zilipomwishia, Livingstone aliandika juu ya magazeti makuukuu. Baadaye akayanakili maandishi hayo kwenye daftari kubwa ambalo leo linaitwa Shajara ya Unyanyembe, na huko kunakili akabadilisha mambo. Watafiti walipozipiga picha karatasi zile kwa mianga maalumu na kuzisoma upya mwaka 2011, habari za mauaji aliyoyashuhudia Nyangwe, huko Kongo, zilionekana kutofautiana na zilivyo kwenye daftari. Kitabu cha 1874, kilichochapa shajara zake za mwisho, nacho hakikuandaliwa na Livingstone, kwani alikuwa ameshafariki. Horace Waller ndiye aliyehariri, na vipo vipande alivyoviondoa. Kisha anakuja huyo mwandishi wa maktaba, naye anachagua sentensi mbili na kuweka nukta tatu katikati.

Mwanafunzi aliyesoma sentensi hizo mbili hajui nukta tatu zimeficha nini. Akiandika "Livingstone, 1874", anamwambia msomaji kwamba amekifungua kitabu cha Waller, na hilo si kweli. Ukweli unaandikwa hivi, tuseme mwandishi wa maktaba ni Fulani: Livingstone (1874), akinukuliwa na Fulani (1998, uk. 41). Kwenye marejeleo anaingia Fulani peke yake. Hapo msomaji akikuta kasoro anajua aanze kuuliza wapi.

Udanganyifu huu hujulikana upesi. Kitabu cha 1874 kina juzuu mbili, lakini mwanafunzi anataja ukurasa bila juzuu. Au nukta tatu zimekaa palepale alipoziweka Fulani. Tarehe nazo huumbua: Stanley anasema alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, ilhali kitabu cha 1874 kinaliweka tukio hilo chini ya 24 Oktoba. Anayeandika 10 Novemba na kumtaja Livingstone kuwa ndiye chanzo hajakiona kitabu hicho.

Wapo wasimamizi wanaosema "akinukuliwa na" huifanya kazi ionekane dhaifu. Siwaungi mkono, maana wanamfundisha kijana kuficha. Lakini wana hoja moja ninayoikubali: ikiwa chanzo cha awali kinapatikana, kitafutwe. Kitabu hiki cha 1874 kinasomwa bure mtandaoni, hata kwa simu, kwa hiyo kwa Livingstone kisingizio ni kidogo. Kwa barua iliyofungiwa kwenye nyaraka za Ulaya, au kitabu cha Kijerumani ambacho mwanafunzi hawezi kukisoma, "akinukuliwa na" inatosha kabisa, na msimamizi asimkate alama.