Usimuulize Mfiwa Habari

Nilikuwa Wete kwa shangazi yangu, siku ya nne tangu kuzikwa mumewe. Khitma ilikwisha kusomwa, majamvi ya barazani yalikwisha kukunjwa, naye alikuwa amekaa eda chumbani, juu ya mkeka. Jirani mmoja, mwanamke mwema aliyeshinda jikoni siku zote tatu za matanga, akaingia na kusema kwa sauti yake ya kila siku: "Hujambo, bibi? Habari za tangu jana?" Shangazi akajibu, "Nzuri," kisha akauziba mdomo kwa ncha ya kanga na kulia.

Neno lile limenikaa moyoni. Katika lugha yetu, anayeulizwa habari huwa amekwisha kuandaliwa jibu, na hata mwenye homa kali husema "nzuri" kwanza, ndipo aongeze "lakini". Ukimuuliza mjane wa siku nne habari zake, unamlazimisha kusema jambo ambalo ulimi umelizoea na moyo unalikana. "Pole" haiulizi kitu. Hujibiwa "nishapoa" au "ahsante", na mtu akabaki na huzuni yake bila kuitolea maelezo. "Assalamu alaykum" ni dua, na "shikamoo" inatosheka na "marahaba".

Kwa hiyo piga hodi, ungoje ukaribishwe, toa salamu, kaa chini alipokaa yeye, kisha useme: "Pole kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akupe subira." Baada ya hapo nyamaza. Wengi hushindwa hapo, wakauliza, "Ilikuwaje?" Hadi alasiri ya siku ile shangazi alikuwa ameisimulia alfajiri ya kifo mara saba, na kila alipofika pale alipomwita mumewe asiitikiwe, sauti ilikatika. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo wafiwa wanaopata nafuu kwa kusimulia. Lakini na waanze wao.

Kwa mgonjwa nako, usimuulize kama amepona, na wala usimwambie kuwa amekonda. Baada ya kumpa pole, muulize jambo dogo analoweza kulijibu kwa neno moja, kama vile "Ulipata usingizi jana?", kisha umfuate anakokwenda.

Jioni alikuja kijana mmoja, akasimama nje ya pazia kwa kuwa mwenye eda haingiliwi na mwanamume asiye maharimu wake. Akatoa salamu, akatoa pole, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mama, marehemu ndiye aliyenifunza kusuka dema." Hakuongeza neno. Shangazi akanyamaza kwa muda, halafu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya maziko, akamwambia: "Lipo moja uani hakuwahi kulimaliza. Njoo ulichukue, mwanangu, ulimalizie."