Jodari wa Paje na tegu wa maziwani

"Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mpishi huku Paje. Wageni wanataka jodari asiyepikwa na samoni, lakini nyumbani wamenitumia ujumbe kwamba samaki wa namna hiyo ana tegu wa mita kumi anayekunywa damu mpaka mtu anakuwa mweupe kama chokaa. Niache au niendelee?"

Marahaba. Katika ujumbe huo jodari ameonewa. Mita kumi ni kweli, tegu huyu huweza kufika huko na hata kupita, na akakaa tumboni mwa mtu miaka ishirini bila kujitambulisha. Lakini damu hanywi. Mnyonya damu wetu ni safura, ambaye hahitaji samaki wala sushi, anaingilia kwenye ngozi ya mguu usio na kiatu. Tegu wa samaki anachoiba ni vitamini B12, na wizi wake una taratibu zake.

Nianze na njia anayopita, kwa kuwa ndiyo inayomtetea jodari. Yai la tegu huyu, ambaye jina lake la kisayansi ni Diphyllobothrium latum, hutoka na choo cha mtu na lazima liangukie kwenye maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi. Hukaa humo kama wiki mbili ndipo kifuniko chake kifunguke na kitoke kiluwiluwi chenye vinyweleo, kinachoogelea. Hicho kina kama siku moja tu ya kumezwa na kopepodi, kijidudu cha maji kidogo kuliko punje ya mchele. Kisipomezwa, kinakufa. Ndani ya kopepodi hukua wiki mbili tatu, kopepodi akaliwa na samaki mdogo, na samaki mdogo akaliwa na samaki mlaji wa wenzake, ambamo kiluwiluwi hujilaza katikati ya mnofu kikisubiri. Mtu akila mnofu huo bila kupikwa, mwezi haujapita sana tayari tegu amekomaa na anatoa mayai, mpaka milioni moja kwa siku.

Sasa itafute njia hiyo Unguja au Pemba. Hatuna ziwa la samaki walao wenzao, na samaki wetu wa maji baridi hakuna anayemla bila kumpika. Kiungo kimoja tu kikikosekana mnyororo umekatika, na hapa vimekosekana viwili. Jodari anayeteremshwa diko la Malindi amekulia bahari kuu, hajawahi kuonja maji ya ziwa. Hata Wamarekani, wanaodai samaki wa kuliwa bila kupikwa agandishwe kwanza, wamewasamehe jodari wakubwa sharti hilo. (Hatari ya jodari ni nyingine: akiachwa kwenye joto hutengeneza histamini inayowasha uso na kupasua kichwa, na hiyo hata ukimkaanga haiondoki. Barafu kwanza, minyoo baadaye.)

Wanaoogopa nao wana hoja, tena hoja nzito kuliko ujumbe waliokutumia. Kwanza, si kila ndugu wa tegu huyu anaishi maziwani. Peru yupo mmoja wa baharini, mwenyeji wake ni sili, na watu humpata kwa samaki aliyelowekwa kwenye ndimu tu. Ndimu na chumvi hubadilisha rangi ya mnofu, hazimuui kiluwiluwi. Sili hawako bahari yetu, kwa hiyo huyo namwacha. Hoja ya pili ndiyo inayonigusa: São Paulo, Brazili. Mji ule haukuwa na tegu huyu, lakini mwaka 2004 na mwanzoni mwa 2005 watu zaidi ya 40 waligunduliwa kuwa naye, wengi wao walaji wa sushi, na aliyeshukiwa ni samoni aliyeletwa kutoka Chile. Samoni ni samaki wa maji mawili, utotoni yuko maji baridi na ukubwani yuko baharini. Kwa hiyo tegu hahitaji ziwa Unguja, anahitaji ndege ya mizigo tu. Katika sahani yako ya Paje, wa kuulizwa maswali ni yule wa waridi aliyetoka mbali.

Tuje kwenye B12. Mwilini vitamini hii husindikizwa na protini ya tumbo mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, ndiko inakopokelewa. Tegu hujipanga juu zaidi, huitenganisha na msindikizaji wake na kuinyonya, na anaweza kuchukua hadi asilimia 80 ya ile iliyoliwa. Takwimu hiyo peke yake inatisha. Lakini kati ya wanaobeba tegu, walioonekana na B12 pungufu ni kama asilimia 40, na waliofikia kuishiwa damu ni asilimia 2 au chini ya hapo. Wengine wote wanazunguka na mgeni wao, pengine wanahisi tumbo kujaa, pengine hawahisi kitu.

Tofauti hiyo inaelezwa na ghala. Ini la mtu mzima lina akiba ya miligramu 2 hadi 5. Chukua mtu mwenye 2.5, yaani mikrogramu 2,500, na mahitaji yake ni mikrogramu 2.4 kwa siku. Hata tegu akimzuia kila tone, ghala hilo lingekaa zaidi ya siku 1,000, karibu miaka mitatu. Na mla dagaa na pweza analijaza kila wiki. Wanaoanguka ni wenye tegu wengi kwa pamoja, au mmoja aliyekaa juu kabisa ya utumbo, au wale ambao ghala lilikuwa tupu tangu mwanzo, kama mtu anayeshindia muhogo mkavu na nyama huiona sikukuu.

Kuna jambo moja ambalo lingenifanya nisiwacheke wenye hofu. Kwetu mtu akiwa mweupe viganjani, fikra ya kwanza ni safura au malaria, naye hupewa vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na foliki asidi. Mara nyingi ni sahihi. Ila kwa aliyeibiwa B12, foliki asidi huweza kuinua damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Kipimo cha damu kinapendeza, lakini nyayo zina ganzi, ulimi umekuwa laini na unauma, na gizani mtu anayumba kwa kuwa miguu haimwambii tena ilipo. Dalili ya kutenganisha iko kwenye seli nyekundu: safura huziacha ndogo na zilizopauka, ukosefu wa B12 huziacha kubwa kupita kawaida. Choo nacho hupimwa kwa darubini, kutafuta yai la duaradufu lenye kifuniko upande mmoja. Na akitoka utepe mweupe wa pingili, usitupwe, uwekwe chupani upelekwe maabara.

Dawa yake mnaijua. Ni praziquantel, hiyo hiyo ya kichocho inayogawiwa Unguja na Pemba. Kichocho hutibiwa kwa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, tegu huyu huondoka kwa 5 hadi 10, mara moja tu. Aliyemeza ya kampeni amemeza mara nne ya inayotosha, au zaidi. Ghala la B12 ndilo linalohitaji kujazwa kando, kwa sindano au vidonge.

Kwa hiyo jodari endelea naye, mradi barafu haikukatika tangu baharini. Samoni mwombe msambazaji karatasi inayoonyesha amegandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, au 35 chini ya sifuri kwa saa 15 baada ya kuganda kabisa. Usitegemee friza ya jikoni, nyingi huishia 18, na umeme ukikatika usiku hesabu ya siku inaanza upya. Karatasi ikikosekana, samoni huyo mpike mpaka katikati ya mnofu ifike nyuzi 63, na kwenye menyu aitwe wa kuoka.